Mlango wa ijtihadi, kofia ya Transvali na samaki aliyeelea

*Shekhe, as-salaamu alaykum. Mimi nauza samaki Mwaloni, Kirumba. Msikitini kwetu wazee wanasema mlango wa ijtihadi umefungwa zamani, sisi ni Mashafii, basi. Vijana waliorudi masomoni wanasema kufuata madhehebu ni upofu, na kila mara wanamtaja Muhammad Abduh na Rashid Ridha. Juzi tumegombana hata juu ya samaki aliyekutwa anaelea. Hao wanamageuzi walisema nini hasa, na mimi nimfuate nani?*

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Tuanze na huo mlango, kwa sababu ndio unaopigiwa kelele nyingi kuliko unavyostahili. Hakuna kikao cha maulamaa kilichokaa kikapitisha kwamba ijtihadi, yaani mwanazuoni kutoa hukumu mwenyewe kutoka kwenye dalili, imefungwa, wala hakuna khalifa aliyetoa amri hiyo. Kilichotokea ni cha polepole: baada ya karne za mwanzo madhehebu manne yakakomaa, vitabu vikajaa, na maulamaa wakaona hatari ya kila mtu kutoa hukumu kwa akili yake. Wengi wao wakasema, kwa unyenyekevu, kwamba hawaoni tena mtu wa kiwango cha Abu Hanifa au Shafii. Neno hilo la unyenyekevu likarudiwa hadi likageuka kuwa sheria. Hata hivyo Mahambali walishikilia kwamba zama hazikosi mujtahidi, na Jalaluddin Suyuti, Mshafii mwenzetu wa Misri aliyefariki mwaka 1505, alitangaza waziwazi kuwa yeye amefikia daraja hilo. Alitukanwa sana na watu wa zama zake, lakini hakuna aliyeweza kumwonyesha kufuli la mlango. Kwa hiyo wazee wenu wanaposema umefungwa, wanasimulia desturi, si hukumu.

Vijana nao wana lao. Ukimtaja Abduh kama mtu aliyesema tuyatupe madhehebu kila mtu ajisomee, umemsingizia. Ili uone alichokuwa akifanya, afadhali tuache maneno ya jumla tutazame fatwa yake moja, ile iliyomletea matusi mengi kuliko zote.

Lakini kwanza mjue mwenyewe. Alizaliwa Misri mwaka 1849 katika familia ya wakulima. Walimpeleka Tanta kusoma sarufi ya Kiarabu, na anasimulia kwamba alikaa mwaka mmoja na nusu haelewi kitu. Mwalimu alikuwa anasoma matini, kisha sharhe ya matini, kwa istilahi ambazo hakuna aliyewaeleza watoto maana yake. Kijana akakimbia. Kama asingepatikana mzee mmoja wa ukoo wake wa kumrudisha kwa upole, angebaki shambani. Wewe uliyepita madrasa unaijua hali hiyo: mtoto anaimba Safina kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukimuuliza neno moja maana yake nini, anarudi kuimba tangu mwanzo. Abduh hakuichukia Safina wala sharhe. Alichukia mtu kubeba kauli asiyojua imetoka wapi. Hiyo ndiyo taqlidi kwa ufafanuzi wa vitabu vyenyewe vya usuli: kuchukua kauli ya mtu bila kujua dalili yake.

Mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri, na alikuwa katika kiti hicho hadi alipofariki mwaka 1905. Mwaka 1903 akapokea maswali matatu kutoka Transvali, huko Afrika Kusini, ambako Waislamu walikuwa wachache katikati ya Wakristo, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Waingereza na Makaburu kwisha. La kwanza: baadhi yetu tunavaa kofia za Kizungu kwa ajili ya shughuli zetu, je, inafaa? La pili: Wakristo wa huku humpiga ng'ombe kwa shoka kisha humchinja bila kutaja jina la Mungu, na kondoo vilevile huchinjwa bila kutaja jina, nyama hiyo tule? La tatu: Mashafii wanasali nyuma ya Mahanafi, na inajulikana wanahitilafiana katika bismillahi na takbira za Idi, swala inaswihi?

Ukiyatazama maswali hayo, utadhani yametoka Igoma au Nyakato. Sisi nasi tunaishi nyumba kwa nyumba na Wakristo, bucha inaulizwa kila siku nani kachinja, na kanda hii ya ziwa ilishaona mwaka 2013 jinsi suala la kuchinja linavyoweza kuwatoa watu majumbani wakiwa na hasira. Kuna misikiti pia ambayo waasisi wake ni Mahanafi wenye asili ya Kihindi, na sisi Mashafii tunaingia humo adhuhuri kwa kuwa iko karibu na duka.

Majibu ya Abduh yalikuwa mafupi. Kofia: kama mvaaji hakukusudia kutoka katika Uislamu, si ukafiri, na kama anavaa kwa haja, kama kujikinga na jua au kurahisisha mambo yake, hata makuruhu haipo. Hilo halina mengi, tuliache. Utamu uko katika nyama na katika swala.

Katika nyama, mukallidi angefanyaje? Angefungua kitabu cha madhehebu yake, aangalie mlango wa kuchinja, anakili. Mhanafi angesema: jina la Mungu likiachwa makusudi, nyama ni haramu, na mjadala umekwisha. Abduh alikaa katika kiti ambacho kwa kanuni ya dola kilikuwa cha Uhanafi. Lakini alianza na aya ya tano ya Suratul Maida, inayosema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu. Akawaambia watu wa Transvali waishike aya hiyo, na wamtegemee Abu Bakr ibn al-Arabi, Mmaliki wa Andalusia aliyefariki mwaka 1148, aliyesema kwamba kipimo ni kile wanachokila Watu wa Kitabu wenyewe, makasisi wao na watu wao wa kawaida.

Hapa simama kidogo, kwa sababu ndipo vijana wenu wanapopakosea. Mwanamageuzi mkubwa, anayelaani taqlidi, ametoa fatwa na ndani yake amemtaja mwanazuoni wa miaka mia saba na zaidi kabla yake! Hakuona kinyume. Kwake kosa halikuwa kumsikiliza aliyetangulia, kosa lilikuwa kumsikiliza mmoja tu kwa kuwa ndiye wa ukoo wetu, na kufunga masikio kwa wengine hata dalili yao ikiwa na nguvu. Alimchukua Ibn al-Arabi kama shahidi, si kama hakimu. Hakimu ilikuwa aya.

Je, alipatia? Shutuma kali zilimwangukia. Magazeti ya Kairo yalimshambulia, na ugomvi wake na Khediwi Abbas Hilmi uliongeza kuni. Tukiacha siasa, kulikuwa na hoja mbili za kielimu ambazo kila anayeijadili fatwa hii lazima azikabili.

Hoja ya kwanza ni ng'ombe wa shoka. Aya ya tatu ya sura hiyohiyo inaharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Wapinzani wakasema: huyu kapigwa shoka, basi ni mzoga. Rashid Ridha, mwanafunzi wa Abduh aliyekuwa akitoa jarida la Al-Manar tangu mwaka 1898, akajibu kwa kurudi kwenye aya ileile. Baada ya kuwataja waliokufa kwa kupigwa na kuanguka na kuliwa na wanyama, aya inamtoa yule mliyemdiriki mkamchinja. Waulizaji walisema ng'ombe hupigwa kisha huchinjwa. Basi swali si shoka, swali ni kama kisu kilimkuta hai. Kama damu ilitoka kwa nguvu na mnyama akatikisika, alikuwa hai, na pigo la shoka halikumuua. Kama kisu kilikuta mfu, hakuna fatwa ya kumhalalisha. Unaona kazi ilivyofanyika: neno la aya limepimwa, na tukio limepimwa, ndipo hukumu ikatoka. Ndilo swali lilelile linaloulizwa leo juu ya mashine za kumzimisha mnyama kabla ya kuchinja, na hakuna kitabu cha karne ya kumi kitakachokujibu moja kwa moja kwa kuwa mashine hiyo haikuwepo.

Juu ya kutotaja jina, sisi Mashafii tulikuwa na nafasi tangu zamani. Kwetu bismillahi wakati wa kuchinja ni sunna, si sharti. Katika Sahihi ya Bukhari, Bibi Aisha anasimulia watu waliomwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba wanaletewa nyama na hawajui kama jina la Mungu limetajwa au la. Akawaambia: semeni nyinyi bismillahi, mle.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wapenzi wa Abduh huwa wanaipita haraka. Ibn al-Arabi huyohuyo, katika kitabu hichohicho cha hukumu za Kurani, amesema mahali pamoja kwamba wanachokila kwa kunyonga au kuvunja kichwa ni mzoga na ni haramu. Kisha akaulizwa juu ya Mkristo anayesokota shingo ya kuku na kumpika, akajibu kwamba unaweza kula naye kwa kuwa hicho ni chakula chake na cha makasisi wake. Kauli mbili hizi maulamaa wamehangaika kuzipatanisha hadi leo. Anayezisoma zote mbili atajua kwamba ushahidi wa Abduh ulikuwa na ufa. Mimi naona fatwa yake inasimama kwa aya na kwa ng'ombe aliyechinjwa akiwa hai. Ikitegemezwa kwa kuku wa kusokotwa shingo, inayumba. Na kusema hivi si kumkosea adabu. Yeye mwenyewe angekasirika kama ningemnakili bila kumkagua.

Sasa swala nyuma ya Mhanafi. Kwa mtu wa leo swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililofichua ugonjwa ambao wanamageuzi walikuwa wakiulalamikia. Fungua Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho mashekhe wetu wa pwani na bara wamekisomesha vizazi na vizazi. Anasema: Mshafii akimfuata Mhanafi aliyegusa tupu yake, au aliyetolewa damu, lililo sahihi zaidi ni kwamba swala inaswihi kwa yule wa damu, haiswihi kwa yule aliyegusa, kwa kuzingatia itikadi ya maamuma. Tafakari. Kutoka damu hakuvunji udhu kwetu, kwa Mhanafi kunavunja. Kugusa tupu kunavunja kwetu, kwa Mhanafi hakuvunji. Kwa hiyo kipimo hiki kinakuruhusu umfuate imamu ambaye kwa madhehebu yake mwenyewe hana udhu, na kinakukataza kumfuata ambaye kwa madhehebu yake yuko twahara kabisa!

Nawawi alikuwa bahari ya elimu, na kauli yake ina mantiki ndani ya kanuni za madhehebu. Sitaki mtu atoke hapa akimdharau. Lakini kanuni hiyo ikiachwa itembee peke yake kwa karne nyingi, mwisho wake ni misikiti kugawanyika. Mwisho huo ulionekana Makka kwenyewe: kuzunguka Kaaba kulikuwa na mahali panne pa maimamu wanne, kila madhehebu na imamu wake, hadi swala zikaunganishwa katika miaka ya 1920 chini ya imamu mmoja. Abduh alikipindua kipimo. Akasema swala ya Mshafii inaswihi madhali swala ya imamu inaswihi kwa madhehebu ya huyo imamu, kwa sababu dini ni moja, na anayetaka vinginevyo ameufanya Uislamu kuwa dini kadhaa.

Ridha aliyaandika mabishano haya kwa mtindo wa mazungumzo kati ya mwanamageuzi kijana na mukallidi mzee, akayachapa katika Al-Manar. Jambo ninalolipenda ni kwamba mzee hachorwi kama mjinga. Anauliza swali ambalo wazee wa Kirumba wangeuliza: mkiwaachia watu wa kawaida, si kila mmoja atafuata matamanio yake? Jibu la Ridha ni kwamba mtu wa kawaida haambiwi awe mujtahidi. Anaambiwa aulize mwenye elimu, kama Kurani ilivyosema waulizeni wenye ukumbusho kama hamjui, ila aulize hukumu ya Mungu na dalili yake, si rai tupu ya fulani. Na ibada, kwake, zimekwisha kukamilika, haziongezwi wala hazipunguzwi kwa ijtihadi ya mtu. Uwanja mpana wa kufikiri upya ni katika muamala, biashara, utawala na maisha, ambako masilahi ya watu hubadilika.

Sauti hii ilifika kwetu mapema. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa msomaji wa Al-Manar, na alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Hakuacha Ushafii. Alibaki Mshafii anayeuliza dalili, na katika nyumba yake ya elimu walipita watu ambao vitabu vyao bado viko kwenye rafu zetu.

Turudi Mwaloni, kwa samaki wenu. Chukua sangara aliyekutwa asubuhi tumbo juu, amekufa mwenyewe. Mhanafi atakwambia usile. Mshafii atasema halali. Mukallidi wa kila upande ataishia hapo, na mtarushiana vitabu. Mwenye kufuata njia ya wanamageuzi atauliza kila mmoja ana nini mkononi.

Mhanafi ana hadithi ya sahaba Jabir katika Abu Daud: kilichotupwa na bahari au kuachwa na maji kupwa mle, kilichofia ndani kikaelea msile. Lakini Abu Daud mwenyewe ameeleza kwamba wapokezi waaminifu wameipokea kama kauli ya Jabir, si ya Mtume. Mshafii ana hadithi ya bahari, kwamba maji yake ni twahara na mfu wake ni halali, na neno bahari kwa Kiarabu linaingia hata maji baridi makubwa kama ziwa letu. Tena ana kisa cha jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubayda, waliofikwa na njaa hadi wakala majani ya miti, wakakuta nyangumi ametupwa ufukweni. Abu Ubayda kwanza akasema ni mzoga, kisha akasema sisi tumeshikwa na dhiki, kuleni. Kama kisa kingekoma hapo, tungesema ilikuwa dharura. Lakini waliporudi Madina Mtume aliwauliza kama imebaki nyama wamlishe, akala, na Madina hakukuwa na dharura. Mhanafi naye ana jibu: yule alitupwa na maji, hakukutwa akielea, na kwetu aliyekufa kwa sababu, kama nyavu za makila au joto, analiwa vilevile. Ni jibu la haki, usilicheke. Mimi naona upande wa Shafii una nguvu zaidi, kwa kuwa ile hadithi ya kukataza imesimama kwa sahaba, nayo inapambana na tamko la jumla la Mtume.

Kuna hatua moja zaidi, na bila hiyo yote niliyosema yanaweza kumdhuru mtu. Kwa nini huyo sangara amekufa? Kama ni sumu ya wavuvi haramu, swali la mzoga limekwisha na limekuja swali la madhara, na kulisha watu sumu ni haramu katika madhehebu yote manne bila mshindani. Hapo mimi mwalimu wa fikihi sina la kukuambia kuliko ofisa wa uvuvi. Wewe mwenye mikono ya miaka mingi utatazama matamvua kama bado mekundu, macho kama yamezama, nyama kama ukibonyeza inarudi. Hizo zitakuonyesha kuoza, lakini sumu haziwezi kukuonyesha zote. Kujua hali ya kitu ni nusu ya ijtihadi, na nusu hiyo mara nyingi iko kwa watu wasiovaa kilemba.

Umeuliza umfuate nani. Baki na Ushafii wako, ndio uliosomea swala na ndio mashekhe wanaokuzunguka wanaujua vizuri. Imam Shafii mwenyewe ndiye aliyesema hadithi ikiswihi hiyo ndiyo madhehebu yake. Mzee akikupa hukumu, muulize kwa adabu imetoka wapi. Na kijana akikuambia madhehebu ni upofu, muulize hivyohivyo, usimwonee haya. Nimewauliza kadhaa, na wengi wao walinitajia jina la shekhe wa kwenye simu, dalili hawakuwa nayo. Huyo naye ni mukallidi, kabadilisha imamu tu. Kuhusu daraja ya ijtihadi yenyewe, Ghazali alisema mtu si lazima ahifadhi kila kitu, aya za hukumu ni kama 500 na yatosha ajue pa kuzipata, na anaweza kuwa mujtahidi wa suala moja bila kuwa wa mengine. Lakini hata suala moja linataka Kiarabu, hadithi na wapokezi wake, na kauli za waliotangulia zote, pamoja na zile zinazokupinga. Suala la samaki tumelitembea pamoja leo na nimekuonyesha kila upande ulipo. Bado mimi nililisoma kwa mwalimu, na bado nilirudi kitabuni jana usiku kabla ya kukujibu.

Yule aliyeelea juzi, kama alikutwa peke yake, mbichi, na hakuna samaki wengine waliokufa karibu naye, kwetu ni halali. Kama walikuwa wengi wamekufa mahali pamoja, msiuze hata mmoja, mpigieni ofisa wa uvuvi.